Bafa ya pH unayoitaka: kuchagua asidi, besi mwenza na uwiano wake. Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mafundi maabara, wanafunzi na walimu wanaotengeneza bafa wenyewe badala ya kununua iliyo tayari. Maswali mengi yanajibiwa kwa mfano mmoja: bafa ya fosfeti ya pH 7.2 inayotumika kuzimulia rangi ya Giemsa kwa slaidi za malaria. Ni bafa ndogo na ya bei nafuu, lakini inapokosewa mtu anaona kwa macho kwenye hadubini. Zaidi ya hapo, karibu kila kosa la kuchagua jozi au uwiano linaweza kuonyeshwa kwa bafa hiyo hiyo.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini bafa lazima iwe na vitu viwili?

Kwa sababu ina kazi mbili. Asidi ikiingia lazima pawepo kitu cha kupokea protoni zake, na besi ikiingia lazima pawepo kitu cha kuipa protoni. Kazi ya kwanza inafanywa na besi dhaifu, ya pili na asidi dhaifu. Hivi viwili tunavichagua kutoka familia moja, yaani asidi na kile kinachobaki asidi hiyo ikishatoa protoni moja. Hiyo ndiyo besi mwenza wake. Asidi ya asetiki na asetati ni jozi. Amonia na ioni ya amonia ni jozi. H₂PO₄⁻ na HPO₄²⁻ ni jozi.

Faida ya kuwa familia moja ni kwamba protoni ikihama, hakuna kitu kigeni kinachozaliwa. HPO₄²⁻ ikimeza protoni inakuwa H₂PO₄⁻ ambayo tayari imo ndani ya chupa. Kinachobadilika ni uwiano tu, na pH inafuata uwiano huo polepole.

Asidi kali na chumvi yake, kwa mfano asidi ya haidrokloriki na kloridi ya sodiamu, haziwezi kufanya kazi hii. Kloridi haina hamu yoyote ya kupokea protoni ndani ya maji.

2. Giemsa inazimuliwa kwa maji. Kwa nini maji yaliyokenekwa peke yake hayatoshi?

Maji yaliyokenekwa yakikaa wazi hufyonza kaboni dioksaidi ya hewani na pH yake hushuka hadi karibu 5.6. Hayana chochote cha kuzuia mshuko huo.

Rangi ya Giemsa ina eosini yenye chaji hasi, na azuri pamoja na methilini buluu zenye chaji chanya. Protini za damu hubeba chaji chanya zaidi pH inaposhuka, kwa hiyo hushika eosini nyingi na slaidi inakuwa nyekundu. pH ikipanda mno, rangi za buluu zinatawala. Kwenye 7.2 kiini cha kimelea kinapata wekundu wa zambarau, saitoplazimu yake inakuwa buluu, na madoa ya Schüffner ya *Plasmodium vivax* na *P. ovale* yanaonekana. Maabara za damu zinazotazama umbo la seli hupendelea 6.8, na kwenye pH hiyo madoa hayo hufifia au hayaonekani kabisa. Tofauti kati ya 6.8 na 7.2 ni ndogo kwa macho ya anayesoma namba, lakini kwa anayetafuta aina ya kimelea ni kubwa.

## Kuchagua jozi

3. Naanzia wapi?

Anza na pH unayoitaka, kisha tafuta asidi ambayo pKa yake iko karibu nayo. pKa ni pH ambayo nusu ya asidi imeshatoa protoni na nusu bado. Hapo nguvu ya bafa iko kileleni, kwa kuwa pande zote mbili zina akiba sawa.

Zinazotumika sana, kwa nyuzi 25: asidi ya asetiki 4.76, kaboni dioksaidi na bikaboneti 6.35, H₂PO₄⁻ 7.20, Tris 8.06, asidi ya boriki 9.24, ioni ya amonia 9.25. Kanuni ya kawaida ni kutovuka pH moja kila upande wa pKa. Ukifika mpaka huo uwiano ni 10 kwa 1, na nguvu ya bafa imeshuka hadi karibu theluthi moja ya ile ya kileleni. Mimi napendelea kubaki ndani ya nusu, na kwenda mbali zaidi pale tu ambapo kuna sababu ya kikemia ya kukataa jozi iliyo karibu (tazama swali la 6).

Kwa 7.2 jibu la kwanza ni fosfeti.

4. Hesabu inaniruhusu kutengeneza pH 7.2 kwa asetati pia. Tatizo liko wapi?

Hesabu itakupa uwiano wa asetati 275 kwa asidi ya asetiki 1, na ukichanganya hivyo huenda kipima pH kikaonyesha 7.2. Tatizo linaanza baada ya hapo.

Chukua lita moja yenye jumla ya milimoli 12 za asetati na asidi yake. Kwenye pH 7.2 asidi iliyomo ni milimoli 0.04 tu, iliyobaki yote ni asetati. Sasa ongeza mililita 1 ya asidi ya haidrokloriki ya 1 M, yaani milimoli 1 ya protoni. Asetati inazimeza, asidi inapanda kutoka 0.04 hadi 1.04, na uwiano unaporomoka kutoka 275 hadi karibu 10.5. pH inashuka hadi karibu 5.8.

Fanya vivyo hivyo kwa fosfeti yenye jumla ileile ya milimoli 12. Kabla ya asidi kuingia, HPO₄²⁻ ni milimoli 7.35 na H₂PO₄⁻ ni 4.65 (namba hizi zinatoka swali la 9). Baada ya kuingia zinakuwa 6.35 na 5.65. pH inashuka kwa 0.15 tu. Kiasi cha kemikali ni kilekile na asidi iliyoongezwa ni ileile, ila mmoja ameanguka kwa 1.4 na mwingine kwa 0.15.

Ndiyo maana kuona 7.2 kwenye kioo cha kipima pH hakuthibitishi kwamba una bafa. Kunathibitisha pH ya dakika ile tu.

5. Nina jozi mbili, pKa ya moja iko chini kidogo ya pH yangu na ya nyingine iko juu. Nichukue ipi?

Jiulize uchafuzi utatoka upande gani. Kama kazi yako inazalisha asidi, au bafa itakaa wazi ifyonze kaboni dioksaidi, chagua jozi yenye pKa iliyo *chini* ya pH yako. Hapo sehemu kubwa ya bafa ni besi, na besi ndiyo inayomeza asidi. Kama kinachozalishwa ni besi, geuza.

Tris inaonyesha jambo hili vizuri. Kwenye pH 7.2, milimoli 12 za Tris zina besi milimoli 1.46 tu, na nyingine 10.54 ni asidi. Ukiongeza milimoli 1 ya asidi pH inashuka kwa zaidi ya 0.5. Ukiongeza milimoli 1 ya besi inapanda kwa chini ya 0.3. Ni bafa ileile, lakini upande mmoja hauna akiba. Kwa Giemsa, ambayo adui yake mkuu ni kaboni dioksaidi ya hewani, Tris iko upande usiofaa.

6. Mbali na pKa, ni nini kinaweza kunifanya nikatae jozi?

Kwa fosfeti la kwanza ni kalisi. Maji ya kisima, na ya bomba katika sehemu nyingi, yana kalisi na magnesi. Fosfeti hushikana nazo na kufanya ukungu mweupe unaotua chini. Kinachozama zaidi ni upande wa besi, kwa hiyo pH nayo inashuka wakati ukungu unatengenezeka. Kwenye slaidi, chembe hizo zinaweza kumchanganya msomaji. Bafa ikitoka na ukungu papo hapo, usiichuje ukaendelea. Badilisha maji.

Pili, jozi isiingilie unachopima. Fosfeti huzuia kimeng'enya cha fosfatesi ya alkali, kwa sababu ndiyo zao la kimeng'enya hicho. Hata kama pH ingekubali, anayepima kimeng'enya hicho atafute jozi nyingine. Jozi ya amonia nayo inavukiza, chupa ikifunguliwa mara kwa mara besi inatoroka. Bikaboneti inapoteza kaboni dioksaidi hewani na pH yake inapanda, ndiyo maana haifai kwa chupa ya kawaida ya mezani ijapokuwa 6.35 inavutia.

## Kupata uwiano

7. Uwiano unahesabiwaje?

Kwa mlinganyo wa Henderson na Hasselbalch:

```
pH = pKa + log([besi] / [asidi])
```

Toa pKa kutoka kwenye pH unayoitaka, kisha pandisha 10 kwa tofauti hiyo. Tofauti ikiwa 0 uwiano ni 1. Ikiwa 0.3 ni karibu 2. Ikiwa 0.5 ni karibu 3.2. Ikiwa 1 ni 10. Tofauti ikiwa hasi, asidi ndiyo nyingi.

Uwiano huu ni wa moli, si wa gramu. Na kwa kuwa vyote viwili vimo katika ujazo mmoja, unaweza kuweka moli moja kwa moja bila kuhangaika na mkolezo. Kutoka uwiano kwenda kwenye kiasi, gawanya jumla hivi: sehemu ya besi ni uwiano gawanya kwa uwiano jumlisha 1, na kinachobaki ni asidi.

8. Kitabu kinasema pKa ni 7.20. Nimechanganya fosfeti mbili sawa kwa sawa, kipima pH kinasoma 6.86. Kipima changu kibovu?

Hapana, kinasoma vizuri. Tazama chupa au pakiti ya unga wa kusawazishia kipima pH iliyoandikwa 6.86. Ndani yake ni KH₂PO₄ moli 0.025 na Na₂HPO₄ moli 0.025 kwa kilo ya maji, sawa kwa sawa kabisa. Hicho ni kipimo cha rejea kinachotumika duniani, na pH yake kwa nyuzi 25 ni 6.86, si 7.20.

Sababu ni kwamba 7.20 ni pKa ya maji ambayo karibu hayana ioni nyingine. Ukitia chumvi, kila ioni inazungukwa na ioni za chaji tofauti, na hilo linaituliza kiasi. HPO₄²⁻ yenye chaji mbili inatulizwa zaidi kuliko H₂PO₄⁻ yenye chaji moja. Kwa hiyo asidi inaachia protoni kwa urahisi zaidi, na pKa unayoipata kwa vitendo inakuwa chini. Kadiri bafa inavyokuwa nzito ndivyo inavyoshuka: kwa jumla ya fosfeti karibu 0.012 M tumia 7.0, kwa 0.05 M tumia 6.86, kwa 0.1 M tumia karibu 6.8.

Katika maswali yote ya ukurasa huu, hili ndilo ningeomba msomaji asiliruke. Wengi hufanya hesabu kwa 7.20, bafa inatoka na pH pungufu ya 0.2 au 0.3, kisha wanamwaga hidroksidi ya sodiamu mpaka namba ikae. pH inapona, lakini bafa si ile waliyoiandika kwenye daftari. Kwa mtihani wa shule tumia pKa uliyopewa. Kwa chupa ya kweli tumia pKa ya mkolezo wako.

Jozi zenye chaji ndogo hazisogei kiasi hicho. Asetati ya takribani 0.04 M inashuka kwa chini ya 0.1. Fosfeti inasogea sana kwa sababu upande mmoja una chaji mbili.

9. Naomba hesabu nzima ya bafa ya Giemsa, kutoka pH hadi gramu.

Tunataka lita 1, pH 7.2, jumla ya fosfeti 0.012 M, yaani milimoli 12.

pKa ya mkolezo huu ni karibu 7.0. Tofauti ni 0.2, na 10 ikipandishwa kwa 0.2 ni 1.58. Sehemu ya besi ni 1.58 gawanya kwa 2.58, yaani 0.6124. Mara 12 inakuwa milimoli 7.35 za Na₂HPO₄. Zilizobaki, milimoli 4.65, ni KH₂PO₄.

Kwa chumvi zisizo na maji ya fuwele, moli moja ya Na₂HPO₄ ni gramu 141.96 na ya KH₂PO₄ ni gramu 136.09. Kwa hiyo pima gramu 1.04 za Na₂HPO₄ na gramu 0.63 za KH₂PO₄.

Linganisha na kipimo ambacho mafundi wengi wa malaria wanakijua kwa kichwa: gramu 1.0 ya Na₂HPO₄ na gramu 0.7 ya KH₂PO₄ kwa lita. Ukikihesabu kwa njia hii uwiano wake ni 1.37, na pH inatoka karibu 7.14. Ndiyo maana maelekezo ya kipimo hicho humtaka fundi apime pH na kurekebisha kidogo kabla ya kutumia. Sasa jaribu kukihesabu kwa pKa 7.20: utapata 7.34, na utadhani kinahitaji kushushwa, wakati ukweli kinahitaji kupandishwa.

Namna ya kuchanganya: weka karibu mililita 900 za maji yaliyokenekwa kwenye bika, yeyusha Na₂HPO₄ kwanza kwa kuwa huyeyuka polepole, kisha KH₂PO₄. Ikishakuwa safi kabisa, pima pH, rekebisha (swali la 14), ndipo ujaze hadi lita kwenye chupa ya ujazo.

10. Jumla ya milimoli 12 imetoka wapi? Kwa nini si 100?

Uwiano ndio unaoamua pH. Jumla inaamua bafa itavumilia kiasi gani. Kadiria asidi au besi itakayoingia, kisha hakikisha kila upande wa jozi una akiba ya mara kadhaa ya kiasi hicho. Giemsa iliyozimuliwa inakaa mezani kwa saa moja hivi, ya asilimia 3 dakika 45 hadi 60 na ya asilimia 10 dakika 10 hadi 15, halafu inamwagwa. Kaboni dioksaidi inayoingia kwa muda huo ni kidogo, milimoli 12 zinatosha. Chumvi nyingi ina hasara zake, maana rangi inashikamana na tishu kwa mvuto wa chaji, na ioni nyingi zinaudhoofisha mvuto huo.

Kwa kazi inayozalisha asidi nyingi, kama ukuzaji wa bakteria, 0.05 au 0.1 M ni kawaida. Ukiongeza jumla kumbuka kubadilisha pKa (swali la 8).

## Chumvi zilizo kabatini

11. Chupa yangu imeandikwa Na₂HPO₄·12H₂O. Kuna tofauti?

Kubwa sana. Moli moja ya hiyo ni gramu 358.14, kwa kuwa zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Kwa milimoli 7.35 za swali la 9 unahitaji gramu 2.63. Ya 7H₂O ni gramu 1.97, ya 2H₂O ni gramu 1.31, na isiyo na maji ni 1.04.

Ukipima gramu 1.0 ya 12H₂O ukidhani ni kavu, unakuwa na milimoli 2.8 tu za besi dhidi ya 5.1 za asidi ya gramu 0.7. Jozi inapinduka, asidi inakuwa nyingi, na pH inaangukia karibu 6.8. Hesabu ilikuwa sahihi, mizani ilikuwa sahihi, lebo haikusomwa. Kila bafa ya fosfeti inayotoka pungufu ya 0.3 au 0.4 naishuku kwa kosa hili kwanza, kabla ya kugusa kipima pH.

12. Unga wa Na₂HPO₄ umeganda mabonge. Bado unafaa?

Na₂HPO₄ kavu hunyonya unyevu wa hewa, na kwa miji ya pwani kama Mombasa, Tanga au Dar es Salaam chupa isiyofungwa vizuri haichukui muda mrefu. Ikishanyonya, gramu moja haina tena fosfeti uliyoihesabu. Itandaze kwenye sahani ya kioo, ikaushe kwa nyuzi 110 hadi 130 kwa saa mbili, iache ipoe ndani ya chombo cha kukaushia, ndipo uipime. KH₂PO₄ haina tabia hiyo, ni mara chache kukusumbua.

Chumvi ya 12H₂O hufanya kinyume. Kwenye hewa kavu inapoteza maji yake, fuwele zinageuka unga mweupe, na gramu moja inakuwa na fosfeti *zaidi* ya ilivyoandikwa. Usiikaushe kwa joto ukitegemea itabaki 12H₂O.

13. Nina chumvi moja tu. Naweza kupata jozi?

Ndiyo. Tengeneza mwenza ndani ya bika. Ukiwa na KH₂PO₄ pekee, weka milimoli zote 12, yaani gramu 1.63, kisha ongeza hidroksidi ya sodiamu milimoli 7.35, ambayo ni mililita 7.35 za 1 M. Kila milimoli ya hidroksidi inageuza milimoli moja ya asidi kuwa besi mwenza. Ukiwa na Na₂HPO₄ pekee, weka milimoli 12 (gramu 1.70 za isiyo na maji) na asidi ya haidrokloriki milimoli 4.65. Njia hii ya pili inaacha kloridi kidogo ndani, ambayo kwa Giemsa haina madhara.

Usiongeze zaidi ya kinachohitajika. Ukiweka hidroksidi milimoli 12 kamili umeimaliza asidi yote, na huna jozi tena.

14. pH imetoka 7.14, nataka 7.2. Nirekebishe kwa nini?

Kwa upande wa jozi unaopungua. Maabara nyingi za malaria huweka chupa mbili ndogo za marekebisho, Na₂HPO₄ ya asilimia 2 na KH₂PO₄ ya asilimia 2. Kwa lita moja ya kipimo cha gramu 1.0 na 0.7, kutoka 7.14 hadi 7.2 kunahitaji karibu mililita 8 za ile ya Na₂HPO₄. Itie kidogo kidogo, koroga, subiri namba itulie.

Hidroksidi ya sodiamu inafanya kazi pia, na ingehitajika nusu mililita tu ya 1 M. Ila tone moja kupita kiasi linakupeleka mbali, na ukirudi kwa asidi unaanza kulundika chumvi usizozihesabu.

Marekebisho yakizidi 0.2, acha kurekebisha. Kuna kosa la uzito au la lebo, rudi swali la 11.

15. Kipima pH nikisawazishe kwa namba zipi?

Zinazozunguka pH yako. Kwa 7.2 tumia 6.86 na 9.18, au 7.00 na 10.01 kama pakiti zako ni za aina hiyo. Kusawazisha kwa 4.00 na 6.86 kunaiacha 7.2 nje ya eneo lililopimwa. Kama maabara haina kipima, karatasi za pH zenye hatua ndogo kati ya 6 na 8 zinasaidia, lakini zile za 1 hadi 14 hazitofautishi 6.8 na 7.2.

## Pale mambo yanapokwenda kombo

16. Nitajuaje kwenye slaidi kwamba bafa ndiyo yenye kosa?

Tazama utando mwembamba kabla ya kuutazama ule mnene. Seli nyekundu zikiwa za waridi kali, na viini vya seli nyeupe vimepauka, pH iko chini. Seli nyekundu zikiwa za buluu au kijani kibichi, na kila kitu kimezama kwenye buluu, pH iko juu. Bafa nzuri huacha seli nyekundu za kijivu chenye uwaridi hafifu na viini vya zambarau.

Rangi yenyewe ikichakaa, au damu ikikaa muda mrefu kabla ya kupakwa, dalili zinaweza kufanana na hizo. Njia rahisi ya kutenganisha ni kuchukua slaidi mbili za damu ileile na rangi ileile, moja kwa bafa unayoishuku na nyingine kwa bafa mpya iliyopimwa pH. Zikitofautiana, bafa ndiyo yenye kosa. Zikifanana kwa ubaya, tafuta kwenye rangi au kwenye damu.

17. Nimetengeneza stoku nzito mara 10, nikaiweka 7.2 kamili. Nikiizimua inasoma karibu 7.4. Kwa nini?

Ni jambo lilelile la swali la 8. Stoku ya 0.12 M ina pKa ya karibu 6.8. Ukiizimua mara 10 uwiano haubadiliki, lakini pKa inapanda hadi karibu 7.0, na pH inaifuata. Kwa hiyo stoku sahihi ya bafa yetu inasoma karibu *7.0* kabla ya kuzimuliwa. Usiiguse. Kigezo ni pH baada ya kuzimua, na hiyo ndiyo iandikwe kwenye lebo.

Stoku nzito zaidi ya hapo ikiwekwa kwenye friji inaweza kuacha fuwele chini, kwa kuwa Na₂HPO₄ haiyeyuki vizuri kwenye baridi. Aliyemimina ya juu bila kuiyeyusha kwanza amemimina asidi zaidi kuliko besi. Iache ipate joto la chumba, itikise mpaka fuwele ziishe.

18. Chumba chetu kina nyuzi 32. Je, pKa za nyuzi 25 zinafaa?

Kwa fosfeti, ndiyo. Inashuka kwa takribani 0.003 kwa kila nyuzi, kwa hiyo tofauti ya nyuzi 7 ni 0.02, ambayo hutaiona. Tris inashuka kwa karibu 0.028 kwa kila nyuzi: nyuzi 7 zinakula 0.2 nzima. Tris iliyowekwa 8.0 kwa nyuzi 25 inakuwa karibu 8.6 kwenye friji ya nyuzi 4 na karibu 7.7 kwenye kitotozi cha 37. Unapotumia Tris, iweke pH kwenye joto lile utakalofanyia kazi.

19. Naweza kugandisha bafa iliyobaki?

Ya fosfeti ya sodiamu, usiigandishe ikiwa na sampuli ndani. Maji yanapoganda, Na₂HPO₄·12H₂O ndiyo inayotoka kwanza kama fuwele, na katika kimiminika kidogo kinachobaki unabaki upande wa asidi pekee. pH hapo inaweza kushuka hadi karibu 4 kabla ya chupa nzima kuwa barafu. Ikiyeyuka na kukorogwa inarudi ilivyokuwa, ila protini iliyokuwemo imeshapita kwenye asidi hiyo. Fosfeti ya potasiamu haianguki kwa kiasi hicho, kwa hiyo anayelazimika kugandisha na atumie K₂HPO₄ na KH₂PO₄.

Bafa ya Giemsa haihitaji kugandishwa. Ikae kwenye chupa iliyofungwa, mahali pa baridi, na ikionyesha ukungu au nyuzi za kuvu imwagwe.